Cheti Kiko Njiani

Naishi Deira, kitanda cha chini, chumba cha watu sita. Nakitaja kitanda kwa sababu hapa Dubai mtu wa kima changu hapangi nyumba wala chumba, hupanga kitanda, na anayelala juu yako ndiye jirani yako, wakili wako na mdaiwa wako. Wangu ni kijana wa Tanga. Nilimkopesha dirham 150 alipoishiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na kila nikimwuliza atalipa lini hunijibu neno moja tu: "Karibuni, kaka." Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu "karibuni" ni neno la kumwita mgeni aingie ndani. Kijana huyu analitumia kumbakisha mgeni mlangoni.

Sasa tuache deni, tuje kwenye balaa lenyewe.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, nikiwa nimesimama kwenye metro nikitokea Al Rigga, niliona tangazo la kazi. Shule moja ya binafsi ilikuwa ikitafuta waangalizi wa watoto kwenye mabasi. Mshahara si wa kumliza mtu kwa furaha, lakini Jumamosi na Jumapili ni mapumziko, na mimi nina mwaka wa sita Jumamosi na Jumapili zangu zinaishia kwenye masufuria ya hoteli. Mwisho wa kupokea maombi ni Alhamisi tarehe 18. Vinavyotakiwa ni pasipoti, kitambulisho cha hapa, picha yenye ukuta mweupe, barua ya mwajiri wa zamani, na chini kabisa, kama mkia wa nge: cheti cha polisi.

Cheti cha polisi. Polisi wepi? Hawakusema. Mtu aliyeishi miaka sita hapa ana polisi wa aina mbili wanaoweza kumtolea ushuhuda: hawa wa Dubai, na wale wa kwao. Na si karatasi moja. Ya Dubai huombwa kwa simu, kwa watu wenye UAE Pass, na yangu nilipoomba ilikuwa imeingia kwenye simu kesho yake jioni. Kilichochelewa ni mfuko wangu, uliokula maharage siku nne kufidia ada. Ya nyumbani ni safari nyingine kabisa, inataka alama za vidole kwa wino. Nikajifanya mjanja, nikaamini kwamba ya Dubai inatosha. Kijana wa Tanga akaniunga mkono, jambo ambalo lilitosha kunitia wasiwasi. Nikapiga simu shuleni. Bibi wa ofisi ya ajira, sauti tulivu kama ya mhudumu wa ndege, akasema: vyote viwili. Cha Dubai kwa miaka uliyokaa hapa, na cha Kenya, kisichozidi miezi mitatu tangu kutolewa. Kwa maombi nakala inatosha, lakini kabla ya viza uwe na karatasi yenye mihuri ya wizara na ubalozi.

Simu ile ilinigharimu dakika nne. Nisingeipiga, ningetuma cha Dubai nikakaa nasubiri kwa raha, kisha wiki ya tatu ndiyo ningeulizwa cha Kenya kiko wapi. Na ile miezi mitatu inaeleza kwa nini huwezi kukichukua cheti mapema ukakifungia sandukuni pamoja na kofia ya harusi. Ukiwahi sana, kinachacha. Ukichelewa, hukipati. Ni kama maziwa, ila maziwa huyafuati kwa ndege.

Mzee wetu wa chumba, mlinzi wa jengo, mtu wa Voi, alicheka aliponisikia nikinung'unika. Yeye alikuja huku Machi 2018. Mwaka ule, kuanzia tarehe 4 Februari, nchi nzima ya Emirati ilitaka kila anayeombewa viza ya kazi alete cheti cha namna hii kutoka kwao au alikoishi miaka mitano iliyotangulia, kikiwa kimethibitishwa. Mzee akahangaika, akakopa, akakipata, akaja nacho. Tarehe 1 Aprili sharti lile likasimamishwa. Cheti chake bado anacho, ndani ya karatasi ya nailoni, na wageni huonyeshwa kama wengine wanavyoonyesha picha ya Makka. Sharti la jumla liliondoka, lakini shule na kampuni za ulinzi zimeendelea kukitaka, na siwalaumu. Mtu wa kukaa na watoto wa watu kwenye basi lazima achunguzwe. Ninacholalamikia ni vidole vyangu.

Kwetu Kenya cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Unaingia eCitizen, unajaza, unalipa shilingi 1,050, yaani elfu moja ya cheti na hamsini ya mtandao, kisha unachapa fomu ya vidole inayoitwa C24. Binamu yangu wa Nairobi alinilipia kwa M-Pesa. Watu hukiita cheti cha tabia njema, jina ambalo sijawahi kulielewa. Polisi wanajua nini kuhusu tabia yangu? Wanachojua ni kwamba vidole hivi havimo kwenye kabati lao. Anayeijua tabia yangu ni mama yangu, na namshukuru Mungu hakuna anayemwomba cheti.

Alhamisi tarehe 11 nilikwenda kuchukuliwa alama. Sitaitaja ofisi, kwani makosa yalikuwa yangu. Kwanza, fomu nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi mbili. Inatakiwa karatasi moja, mbele na nyuma. Afisa aliishika ile ya pili kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi. Nikakimbia duka la fotokopi, nikarudi nikihema. Pili, mikono. Fomu inataka kila kidole kibingirishwe kwenye wino kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, kisha kibingirishwe hivyo hivyo kwenye kisanduku chake, halafu vidole vinne vya kila mkono vikandamizwe pamoja chini. Kazi ya kidole ni kuacha michirizi inayosomeka, mistari ile midogo inayozunguka kama mawimbi ya pwani ikitazamwa kutoka juu. Sasa mimi nina miaka sita ya sabuni ya masufuria. Afisa akapaka, akabingirisha, akatazama. Kulikuwa na doa la kijivu. Akapaka wino mwingi zaidi. Kukawa na doa jeusi. Wino ukizidi hujaza mabonde yaliyo baina ya mistari, na unabaki na kitu kama mbegu ya ukwaju. Akaniambia kwa upole kwamba nikiituma hii, itakwenda Nairobi, itakaa foleni, kisha itarudi kwa kuwa haisomeki, nami nitaanza upya. Nipumzishe mikono, nirudi Jumatatu.

Hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nilipaka mafuta ya nazi kila usiku na kulala nimevaa mifuko ya plastiki mikononi. Hotelini nilivaa glavu mbili mbili. Kijana wa Tanga alisema nanuka kama mkate wa sinia. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 15 nikaosha mikono mpaka mafuta yakatoka yote, maana kidole chenye mafuta huukataa wino, afisa akakifuta kila kimoja kwa spiriti, na mistari ikatoka. Nilitaka kuomba nakala niitundike ukutani. Jumanne kifurushi kikaondoka kwenda kwa binamu.

Jumatano tarehe 17, saa nne usiku, nikakaa kitandani kutuma maombi. Siku moja imebaki. Nina kila kitu isipokuwa kile cha Kenya. Fomu ya shule kwenye mtandao ina swali: una cheti cha polisi cha nchi yako? Ndiyo au Hapana. Hakuna pa kusema "kiko njiani". Na chini yake kuna mahali pa kupandisha faili, na usipopandisha kitu, kitufe cha kutuma kinabaki kijivu kama kidole changu cha Alhamisi.

"Bonyeza Ndiyo," kijana wa Tanga alisema kutoka juu, miguu ikining'inia mbele ya uso wangu. "Kitatoka tu. Kikitoka utakuwa umesema kweli."

Huu ndio ushauri niliokaribia kuufuata, hivyo nieleze kwa nini ni wa kijinga. Cheti kina tarehe ya kutolewa, imeandikwa wazi. Nikisema ninacho tarehe 17 Septemba, halafu nikaleta karatasi iliyotolewa Oktoba, sitahitaji polisi wala vidole. Nitakuwa nimejitolea mwenyewe cheti cha tabia mbaya. Nikabonyeza Hapana. Kwenye nafasi ya faili nikaweka kurasa tatu zilizounganishwa: ukurasa wa maelezo, risiti ya malipo yenye namba ya ombi, na nakala ya fomu ya vidole iliyogongwa muhuri wa tarehe 15. Hata jina la faili nililibadilisha. Mwanzo niliandika PCC.pdf, nikaona yule bibi atalifungua akitarajia cheti na kukuta hadithi. Nikaandika PCC-KENYA-IN-PROCESS.pdf. Anayetarajia hadithi hakasiriki akiikuta.

Ikabaki barua yenyewe, na ndani ya barua, lile swali moja: kitakuwa tayari lini?

Rasimu ya kwanza niliandika kwamba cheti kitakuwa tayari karibuni. Nikaisoma kwa sauti. Kutoka kitanda cha juu nikasikia mtu akicheka kwa raha ya kujitambua. Nikafuta.

Rasimu ya pili nikaandika "wiki ijayo, inshallah". Mzee wa Voi, aliyekuwa akivaa viatu kwenda zamu ya usiku, akasema hapo nimeahidi kitu kisicho mkononi mwangu na kumtaja Mungu kama mdhamini. Wiki ijayo ikipita, bibi yule hatamwandikia Mungu.

Akakaa. Akachomoa kalenda ya duka la vyakula iliyotundikwa nyuma ya mlango, akaniambia tuhesabu. Nami nikagundua kwamba mzee huyu, ambaye miaka yote namjua kwa kukoroma, alikuwa na kichwa cha karani wa bandari.

Kwanza aliuliza hatua ipi imekwisha kweli. Malipo, vidole, kifurushi kuondoka. Hizo zina tarehe na risiti, hakuna wa kuzibishia. Kisha akauliza hatua inayofuata inaanza lini. Kifurushi kikifika Ijumaa, binamu atakipeleka Jumatatu tarehe 22. Huko ndiko saa inakoanza kuhesabu, na si siku niliyolipa. Mimi nilikuwa nahesabu tangu tarehe ya malipo, nikijifurahisha kwa siku kumi na mbili ambazo hakuna aliyekuwa akiishughulikia karatasi yangu, kwa kuwa ilikuwa haijafika.

Halafu, muda wenyewe. Nilikuwa nimewauliza watu watatu waliochukua cheti mwaka huo. Mmoja alisema siku kumi za kazi. Wa pili wiki tatu. Wa tatu alisema wiki nne kamili na kulaani. Mimi, kama binadamu yeyote mwenye shida, nilikuwa nimemchagua wa kwanza na kuwasahau wale wawili. Mzee akasema andika wa kwanza na wa mwisho. Siku kumi za kazi kuanzia tarehe 22 Septemba zinaishia Ijumaa tarehe 3 Oktoba. Siku ishirini zingeishia Ijumaa tarehe 17, ila njiani kuna Siku ya Mazingira tarehe 10, ofisi zimefungwa, basi zinasogea hadi Jumatatu tarehe 20, nayo ni Mashujaa. Kwa hiyo Jumanne tarehe 21. Mimi Mkenya nilikuwa nimezisahau sikukuu zetu zote mbili. Aliyezikumbuka ni mtu anayelinda maegesho ya magari Deira. Akaongeza kwamba sisi wa leo tumepata nafuu: kabla ya Januari 2022 serikali ya huku ilipumzika Ijumaa na Jumamosi, ya kwetu Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo karatasi inayohitaji ofisi za pande zote mbili ilikuwa na siku nne tu za kutembea kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Sasa Ijumaa nayo imo, walau nusu yake.

Tukaongeza siku tatu za balaa lisilojulikana, tukapata Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Hiyo ni nakala tu. Maana hapa ndipo wengi hujikwaa: cheti kuwa tayari si sawa na cheti kutumika. Kikitoka, binamu lazima akipeleke Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa Emirati huko huko Nairobi, kisha kipande ndege, kisha kigongwe tena na wizara ya mambo ya nje ya huku. Ukimwambia mwajiri "kitakuwa tayari tarehe 24", yeye anasikia kwamba tarehe 24 ataweza kuomba viza. Basi tukatenga tarehe mbili, ya pili wiki tatu mbele.

Barua yenyewe niliandika kwa Kiingereza cha suti na tai. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Bi Mheshimiwa, naambatisha maombi yangu. Cheti cha polisi cha Dubai kimo. Cha Kenya bado hakijatoka. Nimekilipia, nimechukuliwa alama za vidole tarehe 15 Septemba, na fomu iko njiani kwenda Nairobi. Risiti na namba ya ombi zimeambatishwa. Kwa uzoefu wa walioomba mwaka huu, natarajia nakala kati ya tarehe 3 na 24 Oktoba. Ya asili yenye mihuri natarajia kuileta kabla ya tarehe 14 Novemba. Tarehe 6 Oktoba nitakuandikia kukujulisha, kiwe kimetoka au hakijatoka. Ikiwa shule inakihitaji mapema zaidi ya hapo, naomba unijulishe sasa."

Sentensi ya mwisho sikuitaka. Niliona kama namwonyesha mlango wa kunitolea. Mzee akasema afadhali nitolewe Septemba kuliko Novemba nikiwa nimeshaacha masufuria. Akatoka kwenda zamu, nami nikabonyeza kitufe, kikiwa cha buluu sasa, saa sita kasoro dakika kumi.

Kesho yake nikajibiwa kwa neno moja: imepokelewa. Nililisoma neno hilo mara kumi na moja nikitafuta hisia ndani yake.

Tarehe 6 Oktoba ilifika, cheti hakijatoka. Ilikuwa siku mbaya, mabomba ya jikoni yamefurika, na kila kiungo changu kilisema kuna haja gani ya kumwandikia mtu kumwambia hakuna jipya. Lakini nilikuwa nimeiandika tarehe kwa mkono wangu. Nikatuma mistari miwili: fomu ilipokelewa Nairobi tarehe 22 Septemba, bado inashughulikiwa, makadirio ya tarehe 24 hayajabadilika. Baada ya saa moja simu ikalia. Alikuwa yule bibi mwenye sauti ya ndege, ananiita kwenye usaili Jumatano. Akaongeza, kama anayezungumza peke yake, kwamba ana maombi mengine kumi na moja yenye cheti "karibuni".

Cheti kilitoka Alhamisi tarehe 16. Nilikipakua nikiwa kwenye abra, nikivuka Khor kwa dirham moja, na nusura simu iingie majini. Nikamtumia yule bibi kabla chombo hakijagusa Bur Dubai. Usiku nikakichapa, nikawaonyesha wenzangu. Kijana wa Tanga alikisoma mbele na nyuma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Kaka, hapa wanasema huna rekodi yoyote."

"Ndiyo."

"Yaani wino, nazi, mifuko ya plastiki, ndege, shilingi elfu na hamsini, wakuandikie kwamba hawana kitu?"

Sikuwa na jibu. Mzee wa Voi naye akatoa cha kwake cha 2018, tukavilaza sambamba kitandani kama watu wanaolinganisha picha za watoto.

Chenye mihuri kilinifika tarehe 12 Novemba, siku mbili kabla ya ile niliyoiandika, na jioni ile nikiwa na bashasha nikamkumbusha kijana wa Tanga zile dirham 150. Hakusema karibuni. Alisema atanijibu kwa maandishi. Baada ya dakika tano simu yangu ikatetemeka, naye yuko hapo juu, futi tatu kutoka kichwani pangu:

"Kaka Mheshimiwa, deni lako limepokelewa na liko hatua ya pili. Natarajia kulipa nusu kati ya tarehe 1 na 20 Desemba, ukitoa sikukuu za nchi zote mbili. Tarehe 24 Novemba nitakuandikia, nikiwa nimepata au sijapata. Ikiwa unazihitaji mapema zaidi ya hapo, naomba unijulishe sasa."

Nikamjulisha sasa. Akajibu: imepokelewa.